Beringi za magurudumu: majibu kwa wenye gereji wa Mtwara na Lindi kuhusu jenuini, waranti na mzigo mpya

Ndugu wenye gereji,

Barua pepe tuliyowatumia kuhusu spea jenuini, waranti na uharaka wa mzigo imerudi na maswali mengi. Karibu nusu yake yanahusu kitu kimoja: beringi ya gurudumu la mbele, hasa ya magari madogo kama IST, Vitz na Raumu. Ndiyo spea inayorudishwa kaunta kuliko nyingine, na ndiyo inayoleta mabishano kati ya fundi, mwenye gari na muuzaji. Kwa hiyo ukurasa huu tumeuweka kwa beringi hizo. Ukielewa namna tunavyoikagua beringi, utaelewa pia tunavyokagua spea nyingine.

Mnaposema "jenuini" mnamaanisha nini hasa?

Neno hili limechoka kwa kutumiwa ovyo, kwa hiyo kwenye ankara zetu tumegawa beringi katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni beringi iliyo ndani ya boksi la mtengeneza gari. Kwa Toyota, namba ya spea kwa kawaida ina tarakimu kumi zilizogawanywa tano kwa tano, na beringi nyingi za gololi za magurudumu huanza na 90369. Kundi la pili ni beringi ya kiwanda cha beringi chenyewe ndani ya boksi lake: Koyo, NSK, NTN, SKF na wenzao. Toyota haitengenezi beringi zake zote yenyewe. Hununua kwa viwanda vya namna hii. Kwa hiyo beringi ya kundi la pili yenye vipimo sahihi ni mali halali na nzuri, na kwa kawaida bei yake iko chini ya ile ya kundi la kwanza. Kundi la tatu ni chapa nyingine zinazojitangaza kwa jina lao wenyewe. Hizo si feki. Ubora wake unatofautiana, na waranti yake kwetu ni fupi.

Feki ni kitu kingine kabisa: beringi iliyoandikwa jina la kiwanda ambacho hakikuitengeneza. Hapo hatuzungumzii ubora mdogo, tunazungumzia wizi wa jina. Mteja akikuambia "nipe ya bei rahisi", mpe kundi la tatu na umwandikie hivyo kwenye risiti. Ukimpa feki ya bei rahisi, siku gurudumu likianza kulia atakuja kugombana na wewe, maana anayekumbuka ni fundi aliyefunga, si duka lililouza.

Nitaijuaje feki nikiwa nimeishika mkononi?

Anza na namba, si boksi. Boksi huchapishwa popote, na mapipa ya taka ya gereji nyingi yamejaa maboksi safi ambayo wajanja huyaokota na kuyajaza tena. Ndiyo maana tunawaomba wateja wetu wachane boksi kabla ya kulitupa.

Kwenye ringi ya beringi kuna namba iliyochorwa. Baadhi ya beringi za mbele huanza na herufi DAC, na kwa hizo tarakimu zinazofuata ni vipimo. Chukua mfano wa DAC38740050: tundu la ndani ni milimita 38, kipenyo cha nje ni milimita 74, na upana ni milimita 50. Toa venia yako, pima. Kama namba inasema 38 na venia inasema 38 kamili, umepita hatua ya kwanza. Kama namba ya kwenye ringi na ya kwenye boksi hazielewani, rudisha bila maneno mengi.

Kisha angalia maandishi yenyewe. Kwenye beringi halali maandishi ni membamba, yamenyooka, na kina chake ni kimoja kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Pitisha ukucha juu yake. Ukiona uso wa ringi chini ya maandishi una mikwaruzo ya msasa au mng'aro tofauti na sehemu nyingine, shuku kwamba ni beringi ya zamani iliyosuguliwa na kuandikwa upya. Beringi za aina hii zina alama nyingine: kingo za ringi zimelainishwa kupita kiasi, au kuna doa jeusi dogo la kutu lililobaki karibu na sili.

Tatu, zungusha kwa mkono. Beringi mpya yenye grisi yake huzunguka kwa uzito kidogo na bila kelele. Ikizunguka kwa urahisi kama ya feni, grisi ni kidogo au hakuna. Ukisikia mchanga mchanga, usiendelee.

Kwa beringi za SKF kuna programu ya simu inayotolewa na kiwanda chenyewe, SKF Authenticate. Inakuelekeza upige picha za boksi na beringi, halafu wataalamu wao wanakujibu. Piga picha kwenye mwanga wa kutosha, maandishi yasomeke. Picha yenye kidole juu ya namba haimsaidii mtu.

Bei nayo inasema. Beringi ya jina kubwa inayouzwa nusu ya bei ya maduka mengine yote mjini haijapata punguzo lolote.

Nikikuta feki, niende wapi?

Kama umeinunua kwetu, ilete pamoja na risiti, tunarudisha fedha yote siku hiyohiyo na tunaichukua beringi. Kama umeinunua kwingine, rudi kwanza kwa aliyekuuzia ukiwa na risiti ya EFD. Masuala ya bidhaa bandia hapa Tanzania yako chini ya Tume ya Ushindani, FCC. Usitupe boksi wala beringi, kwa sababu bila hivyo huna ushahidi.

Waranti yenu ni ya muda gani?

Kundi la kwanza na la pili: miezi sita au kilomita 10,000, kitakachotangulia. Gari la biashara, yaani teksi, daladala na gari dogo la mizigo: miezi mitatu au kilomita 10,000. Kundi la tatu: mwezi mmoja. Mtumba: hakuna waranti, kwa sababu hatuuzi mtumba.

Nikidai waranti, mnataka nilete nini?

Risiti ya EFD, kipande cha boksi chenye namba, kilomita zilizokuwa kwenye dashibodi siku ya kufunga na siku ya kufungua, na beringi yenyewe. Hapa kwenye beringi ndipo wengi wanapoharibu madai yao wenyewe: msiioshe. Fundi mwenye nia njema huichovya kwenye petroli, anaifuta, anaileta ikiwa inang'aa. Sasa grisi iliyokuwa ndani ndiyo ingetuambia kama maji yaliingia, kama joto lilizidi, kama kulikuwa na chuma kilichosagika. Ikishaoshwa, nusu ya ushahidi imeenda na petroli.

Iweke kwenye mfuko wa plastiki ilivyotoka, ringi zake zote mbili pamoja. Kama ringi ya ndani imebaki kwenye habu, iondoe kwa pula. Usiikate kwa grainda, na kama huna budi kuikata, tuma picha kabla.

Majibu tunatoa ndani ya siku tatu za kazi tangu beringi itufikie Mtwara mjini. Kosa likiwa la kiwanda, tunatoa beringi mpya na tunalipa gharama ya kufunga kwa kiwango kilichoandikwa kwenye ankara yako.

Mnajuaje kosa ni la fundi au la kiwanda? Si mtasema kila kitu ni la fundi?

Swali la haki, na njia pekee ya kulijibu ni kuonyesha tunachoangalia, ili na wewe uweze kuangalia kabla hujatuletea.

Chukua mfano huu. IST ya mwaka wa 2004, fremu yake inaanza na NCP60, inafanya teksi mjini Mtwara. Beringi ya mbele kushoto imefungwa upya ikiwa mpya. Baada ya kilomita 1,900 mwenye gari anarudi analalamika: kuanzia kasi ya kama kilomita 40 kwa saa kuna mngurumo, na akikata kona kwenda kulia mngurumo unazidi. Hiyo dalili ya kona ni sahihi: ukikata kulia, uzito wa gari unaegemea kushoto, na beringi mbovu ya kushoto inalalamika zaidi. Fundi anafungua, anatuletea beringi bila kuiosha.

Tunaifungua. Grisi bado ina rangi yake, haina maji, haijaungua. Hakuna kutu. Sili ziko salama. Kufikia hapo mtu angeweza kusema ni kosa la kiwanda. Lakini tukiifuta njia ya gololi kwenye ringi ya nje na kuitazama chini ya mwanga wa pembeni, tunaona vidimbwi vidogo vilivyopangwa kwa umbali ulio sawa kuzunguka ringi yote. Tunapima umbali kati ya kidimbwi na kidimbwi, tunaulinganisha na umbali kati ya gololi na gololi. Unalingana kabisa.

Hii ina maana moja. Beringi ikiwa haizunguki, nguvu kubwa ilipita kutoka ringi moja kwenda nyingine kupitia gololi. Gololi inagusa njia yake kwa sehemu ndogo kama ncha ya sindano, kwa hiyo tani chache za presi, au nyundo moja ya nguvu, zinatosha kutengeneza dimbwi kwenye chuma kigumu. Fundi aliiingiza beringi kwenye nyumba yake akiwa anasukuma ringi ya ndani. Ilipoingia ilionekana nzuri, ilizunguka vizuri kwa mkono, na siku ya kwanza haikulia. Kilomita 1,900 baadaye kila gololi inapita juu ya kila dimbwi mara nyingi sana kwa dakika, na kingo za dimbwi zinaanza kumomonyoka. Hapo ndipo mngurumo unapoanzia.

Madai haya tunayakataa, na tunarudisha beringi ikiwa imekatwa ili fundi aone vidimbwi kwa macho yake.

Sasa badilisha jambo moja tu. Beringi ileile, grisi safi, hakuna vidimbwi, lakini sehemu moja ya njia ya gololi imebanduka gamba la ukubwa wa punje ya mchele na sehemu iliyobaki yote ni laini kama kioo. Kama nyumba ya beringi ni ya duara kamili na haina uchafu, hilo tunalipa. Chuma kilikuwa na kasoro ndani.

Alama nyingine kwa ufupi. Grisi nyeupe kama maziwa na kutu ya kahawia: maji. Ringi ya rangi ya bluu au kahawia iliyoungua: joto, mara nyingi kwa kukaza vibaya au kukosa grisi. Ringi ya ndani yenye mikwaruzo ya kuzunguka upande wake wa ndani: ilikuwa inateleza juu ya habu, nati haikukazwa au habu imelika. Gamba lililobanduka mahali pamoja palepale kwa beringi mbili mfululizo za gari moja: nyumba ya beringi imepoteza duara, na hata ukifunga ya tatu itakufa vilevile.

Basi tuambieni namna ya kuifunga ili waranti isife.

Kanuni ni moja na hatua zote zinatoka humo: sukuma ringi inayobana, usisukume kupitia gololi. Beringi ikiingia kwenye nyumba, kinachobana ni ringi ya nje, kwa hiyo kipande cha bomba cha kusukumia kikae juu ya ringi ya nje peke yake. Habu ikiingia kwenye beringi, kinachobana ni ringi ya ndani, kwa hiyo ringi ya ndani ishikiliwe kwa chini, upande wa pili, wakati habu inashuka.

Kabla ya hapo, toa saklipu ya zamani uitupe, safisha nyumba ya beringi kwa kitambaa na brashi ya waya laini, kisha pima kipenyo chake sehemu mbili zilizo kama msalaba. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, nyumba imelika. Usiweke gundi, usiweke karatasi ya bati, badilisha nyumba. Ukipapasa na ukasikia kijiwe cha uchafu kwenye kiti, kiondoe, kwa sababu kitaibonyeza ringi ya nje mahali pamoja na gololi zitabanwa hapo.

Ringi ya ndani ya zamani ikibaki kwenye habu, tumia pula. Wengi huikata kwa grainda na kumalizia kwa patasi, na kila mara patasi inaacha kovu kwenye habu. Kovu hilo likikaa chini ya ringi mpya, ringi inapasuka au inakaa upande.

Kwa magari ambayo beringi yake ina sumaku ya ABS upande mmoja, upande huo unatazama ndani ya gari, kwenye sensa. Ukitaka kuutambua, upande wenye sumaku unavuta vumbi la chuma au pini ndogo. Ukiigeuza, gari litatembea vizuri lakini taa ya ABS itawaka, na utalazimika kuitoa beringi mpya. Beringi iliyotolewa kwa presi hairudishwi kazini, kwa sababu kuitoa nako kumepitisha nguvu kwenye gololi.

Mwisho ni nati ya shafti. Kwa IST kiwango chake ni nyutoni mita 216. Weka nati mpya, kaza kwa spana ya kupimia nguvu, halafu igonge ukingo wake uingie kwenye mfereji wa shafti. Mashine ya upepo ni ya kufungulia, si ya kukazia. Na gari lisishushwe chini kwa magurudumu kabla nati haijakazwa sawasawa. Ni nati hiyo inayoshikilia ringi mbili za ndani zikae pamoja. Bila yake, uzito wa gari unaweza kuiharibu beringi ndani ya mita chache za kulisukuma gari nje ya gereji.

Sina presi. Nifanye nini?

Leta nyumba ya beringi na habu dukani, tunakuingizia kwa presi. Ukinunua beringi kwetu, kazi hiyo ni bure, na waranti inaandikwa papo hapo. Kwa walio Masasi, Newala, Nachingwea na Ruangwa, mtu mwenye presi karibu nawe ni bora kuliko nyundo na ringi ya zamani. Tunajua nyundo na ringi ya zamani zimefunga beringi nyingi zilizodumu. Zimeua nyingi zaidi, ila zile hazirudi kusimulia.

Waranti inafunika gari lililopita kwenye maji?

Hapana. Beringi inapata joto gari likitembea. Ukiingia kwenye maji ya mafuriko ukiwa umetoka mwendo mrefu, habu inapoa ghafla, hewa iliyokuwa ndani inasinyaa, na maji yanavutwa kupita kwenye sili. Hayo maji hayatoki. Yanakaa na grisi, na miezi miwili baadaye gari linalia. Mashine ya kuoshea yenye shinikizo ikielekezwa moja kwa moja kwenye sili inafanya jambo lilelile. Kama mteja wako amevuka maji yaliyofika katikati ya gurudumu, mwambie arudi baada ya wiki mbili umkague, kwa kuinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono huku mkono mwingine ukiwa kwenye springi. Mtetemo utausikia kabla ya mngurumo.

Vipi beringi za Kenta na magari makubwa?

Hizo nyingi ni za rola zilizochongoka, zinafungwa mbili mbili na kurekebishwa kwa nati. Kukaza kupita kiasi kunaziunguza, kulegeza kunazigonga. Waranti yake ni mwezi mmoja, na tutazieleza peke yake.

Nikiagiza leo, nitapata lini?

Inategemea kama ipo ghalani Mtwara au inatoka Dar es Salaam.

Iliyopo Mtwara, ukiagiza kabla ya saa nne asubuhi, inapanda basi la siku hiyo. Lindi mjini inafika mchana huohuo. Masasi na Nachingwea mzigo unapitia njia panda ya Mnazi Mmoja, Mingoyo, na kwa kawaida unafika jioni au asubuhi inayofuata. Namba ya basi na picha ya pakiti tunakutumia kwa WhatsApp; mzigo unachukuliwa ofisi ya basi kwa namba hiyo.

Isiyokuwepo inatoka Dar es Salaam kwa gari la usiku. Barabara ikiwa nzima, hesabu siku mbili hadi tatu. Tatizo ni hiyo "ikiwa nzima". Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga, na kusini yote ikakaa ikisubiri. Tangu hapo tunajaza ghala mwishoni mwa Oktoba na Novemba, kabla ya mvua za msimu, na hatusubiri kipimo cha chini kifikiwe kama miezi ya ukame.

Gereji ndogo iweke beringi ngapi rafuni?

Chukua aina moja unayoifunga sana, tuseme beringi ya mbele ya IST. Hesabu ulizotumia miezi mitatu iliyopita, kutoka kwenye daftari lako, si kichwani. Tuseme ni 12. Hiyo ni moja kwa wiki.

Kiangazi, mzigo ukichelewa sana ni siku tatu. Ndani ya siku hizo utatumia moja, au mbili gari likileta pande zote. Kwa hiyo agiza zikibaki mbili. Masika, weka ucheleweshaji wa wiki mbili na akiba ya mbili, unapata nne: agiza zikibaki nne. Usiweke kumi na mbili eti uwe salama. Beringi iliyokaa rafuni miaka karibu na bahari, boksi likiwa limefunguliwa, inapata kutu, na fedha yako imelala.

Kuna jambo la kusini ambalo hesabu za Dar es Salaam hazilioni. Minada ya korosho ikianza Oktoba, malipo yanaingia kwa wakulima kupitia vyama vyao, na magari yaliyokuwa yamesimama uani tangu Juni yanaanza kuletwa gereji moja baada ya jingine. Wakati huohuo magari yanabeba korosho kwa uzito kuliko kawaida kwenda maghalani. Kwa gereji za Tandahimba, Newala na Masasi, zidisha hesabu yako ya kawaida mara mbili kuanzia Oktoba hadi Januari. Kwa gereji ya Mtwara mjini mabadiliko ni madogo. Daftari la mwaka jana litakuambia vizuri kuliko sisi.

Niandike nini kwenye barua pepe ya oda ili nisiletewe kitu kisicho chake?

Usiandike "beringi ya IST". Magari mengi yaliyotoka Japani hayana namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Yana namba ya fremu, iliyo kwenye kibati ndani ya chumba cha injini. Hiyo ndiyo tunayotafutia. Andika hivi:

```
Gari: Toyota IST
Fremu: NCP60-_______
Spea: beringi ya gurudumu la mbele, pande zote mbili
ABS: ipo
Idadi: 2 + saklipu 2 + nati za shafti 2
Kundi: la pili
Mji na basi: Masasi
```

Namba ya fremu inatofautisha NCP60 na NCP65, ambayo huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Pia inatuokoa na kosa la mbele na nyuma: beringi ya nyuma ya NCP60 huja ikiwa imeunganishwa na habu yake, haiingizwi kwa presi, inafungwa kwa bolti nne. Fundi mmoja akiagiza "beringi nne za IST" na akaletewa nne za mbele, kosa halina mwenyewe.

Saklipu na nati tumeziweka kwenye mfano kwa makusudi. Ndizo zinazosahauliwa, na ndizo zinazofanya gari lilale gereji usiku wa pili kwa kitu cha bei ndogo.

Nikiagiza vibaya, mnarudisha?

Ndani ya siku saba, boksi likiwa halijafunguliwa na karatasi ya mafuta ya ndani haijachanwa, tunarudisha fedha yote isipokuwa nauli ya basi. Ikiwa imefunguliwa lakini haijaingizwa, tunabadilisha kwa spea nyingine ya thamani hiyo. Ikishaingia kwenye presi hata mara moja, ni yako.